Sekunde Ishirini za Mwisho

Machi 2022 serikali ya Burundi ilipanua eneo la mji wa Bujumbura ambalo pikipiki, tuktuk na baiskeli zilikatazwa kuingia. Sababu zilizotolewa zilikuwa ajali za barabarani na usalama. Ghafla watu wa Kamenge, Kinama, Musaga na Kanyosha, waliozoea kupanda tuktuk hadi karibu kabisa na wanakofanyia kazi, wakajikuta wamejipanga foleni za mabasi madogo, na wengi wakaamua kutembea.

Mwandishi wa makala haya alikuwa akifanya kazi katika studio ndogo ya vipindi vya Kiswahili mjini humo. Vipindi hivyo vilisikika redioni, kisha vikasambazwa kwa sauti kwenye simu kupitia WhatsApp. Kazi yake ilikuwa kumwandikia mtangazaji maneno ya kusoma: utangulizi, maelezo ya katikati, na zile sekunde ishirini za mwisho ambazo humwambia msikilizaji afanye nini baada ya kusikia. Ripoti kuhusu usafiri ilikuwa tayari. Ilikuwa na sauti za kituo cha basi, sauti ya dereva wa tuktuk, na ya mama muuza vitenge aliyechelewa kufungua kibanda. Kilichobaki ni mwisho.

Kijana mmoja wa studio alikuwa ameshaandika mwisho wake: "Kama umeipenda habari hii, tufuate, wasambazie na wenzako, na usikose kipindi chetu kijacho." Mhariri wa kipindi, mama mtu mzima aliyeanza redio enzi za kanda za sumaku, aliusoma kwa sauti, akavua miwani. "Mwanangu," akamwambia, "huyu mtu tumemweka kituoni dakika nne nzima, tumemkumbusha jua na vumbi, halafu tunamwomba atufanyie sisi kazi. Yeye hatuna la kumuuliza?"

Swali hilo ndilo lililobadilisha namna studio ile ilivyoandika mialiko yake. Kipindi kilikwenda hewani na mwisho mwingine kabisa: "Wewe unayetoka Kamenge, Musaga au Kanyosha kwenda kazini katikati ya mji: leo asubuhi ulitoka nyumbani saa ngapi, na ukafika saa ngapi? Tutumie sauti yako ya nusu dakika. Taja mtaa unaotoka, jina lako si lazima. Majibu tutayasikiliza pamoja kesho kutwa."

Wito wa zamani ulizoea kuleta vidole gumba, maua, na neno "pongezi". Mwaliko huu ulileta sauti za watu waliokuwa bado njiani, wakihema, magari yakisikika nyuma yao. Mmoja aliondoka saa kumi na moja alfajiri ili awahi kazi ya saa moja na nusu. Mwingine alifika saa tatu, akakuta mshahara wa siku umekatwa. Ndani ya majibu hayo mlikuwa na habari ambayo hakuna mwanahabari wa studio aliyekuwa nayo.

Tofauti ya miisho hiyo miwili haiko kwenye adabu wala ufundi wa lugha. Iko kwenye kitu kinachoombwa. "Tufuate" ni ombi ambalo jibu lake ni kubonyeza tu, na mtu akishabonyeza hana la kuongeza. Hata akitaka kusema neno, hajaonyeshwa aseme kuhusu nini, basi ataandika kile ambacho adabu inamtaka aandike: hongera, Mungu awabariki, tuko pamoja. Maneno hayo ni mazuri, lakini yangeweza kuwekwa chini ya kipindi cha mpira, cha mapishi au cha msiba bila kubadilishwa hata herufi moja. Mwaliko wa pili ulimwomba mtu kitu ambacho yeye anacho na studio haina, yaani saa yake ya kutoka na saa yake ya kufika. Hakuna mwingine awezaye kumjibia.

Hata kampuni za mitandao ziliona udhaifu wa wito wa aina ya kwanza. Desemba 2017 Facebook ilitangaza kwamba itapunguza usambazaji wa machapisho yanayowasukuma watu wabonyeze, wasambaze, wawataje wenzao au waandike neno fulani ili tu hesabu zipande. Mwezi uliofuata ikasema itayapa nafasi zaidi mazungumzo kati ya watu. Kwa studio ya Bujumbura ambayo vipindi vyake vilipita kwenye simu, hilo lilikuwa jambo la kuzingatia. Lakini mhariri hakuhitaji tangazo la kampuni ya Marekani ili kujua. Eneo la Maziwa Makuu lilikuwa limejifunza somo hilo hilo kupitia redio miaka mingi nyuma, katika hali ngumu kuliko zote.

Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari nchini Rwanda, BBC ilianzisha matangazo mafupi ya robo saa kwa Kinyarwanda na Kirundi, yaliyokuja kujulikana kama Gahuzamiryango. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwasaidia watu waliotawanyika katika kambi na nchi za jirani wapate kujua ndugu zao wako wapi. Fikiria mtu anayetafuta ndugu anahitaji kusema nini hewani. Hawezi kusema "naomba msaada wenu" akaishia hapo. Anataja jina lake, jina la baba na mama, kilima alichozaliwa, mahali alipoonana na nduguye mara ya mwisho, na mahali anapopatikana yeye sasa. Kila kipengele kinapunguza idadi ya wanaoweza kujibu, na kwa sababu hiyo hiyo kinaongeza uzito wa jibu litakalokuja. Maelfu wanasikia, lakini yule aliyelala kambi moja na mtoto wa fulani kutoka kilima fulani anajua kuwa anaitwa yeye.

Mhariri aliutumia mfano huo kila mara alipowafundisha vijana. Hakulinganisha msiba ule na foleni ya basi, ila alitaka waone jinsi ombi lenyewe linavyojengwa. Swali linalotaka kuwafaa wote, alisema, humwacha kila mmoja akidhani atajibu mwenzake. Swali linalomtaja mtu kwa mtaa wake, kazi yake na asubuhi yake humfanya ageuke.

Upande wa Kiswahili kuna mfano mwepesi zaidi, nao ni vipindi vya salamu. Msikilizaji wa Kenya alinunua kadi ya salamu iliyochapishwa, akajaza majina ya anaowasalimu na ujumbe mfupi, akaituma stesheni na kusubiri kusikia jina lake likisomwa. Vipindi hivyo viliishi miaka mingi na vikazaa vyama vya wapenzi wa salamu, watu waliojuana kwa sauti ya mtangazaji kabla ya kuonana uso kwa uso. Kadi yenyewe ilikuwa mwaliko uliokamilika. Nafasi zake zilionyesha kinachotakiwa na urefu wake, mtumaji alijua kitasomwa wapi, na alijua faida yake ni ipi. Hakukuwa na haja ya kumbembeleza mtu aendelee kusikiliza, maana aliyetuma kadi hakubanduka redioni.

Kurudi kwenye kipindi cha usafiri, swali lile la saa ngapi halikuandikwa kwa mkupuo mmoja. Kwenye meza ya mhariri ilibaki karatasi yenye sentensi zilizokatwa kwa kalamu, na kila iliyokatwa ilikuwa na sababu yake.

Ya kwanza ilikuwa: "Mnaonaje kuhusu uamuzi huu?" Ndilo swali ambalo mtangazaji huliandika akiwa amechoka, na lina kasoro mbili. Linamwita kila mtu, kwa hiyo halimwiti yeyote. Pia linamtaka msikilizaji atoe hukumu juu ya serikali mbele ya watu asiowaona. Bujumbura si mahali ambapo mtu hutoa hukumu ya namna hiyo kwa wepesi. Kinachofuata ni ukimya wa wenye busara na kelele za wachache wenye hasira. Wale wachache hujibizana wao kwa wao, na kufikia jioni mjadala umehama kabisa kutoka kwenye basi.

Ya pili: "Je, unaunga mkono hatua hii?" Hapa jibu ni ndiyo au hapana. Swali la namna hii lina mahali pake. U-Report, mfumo wa UNICEF ulioanzia Uganda mwaka 2011 na baadaye ukafika Burundi, huwatumia vijana maswali mafupi kwa simu kisha hujumlisha majibu. Kwa kujumlisha, ndiyo na hapana zinafaa sana. Kwa kipindi kinachotafuta sauti za watu hazifai, kwani neno moja halina cha kusikilizwa. Mtangazaji hawezi kusoma hewani "ndiyo" mfululizo akategemea kwamba kuna atakayebaki.

Ya tatu ilionekana nzuri, na kijana aliyeiandika aliitetea: "Unapata shida gani ya usafiri tangu hatua hii ichukuliwe?" Mhariri alimwonyesha kwamba swali limeshajijibu. Linachukulia kuwa kila mtu ana shida, na aliyenufaika hana pa kuingilia. Walikuwepo walionufaika. Dereva wa basi alipata abiria wengi zaidi, na mwenye duka la pembeni mwa mji aliona wateja ambao zamani walimpita wakielekea katikati. Kuna jambo jingine pia. Swali la shida huvuta malalamiko ya jumla, na malalamiko hufanana. Mtu atasema usafiri ni mgumu, maisha ni magumu, wakubwa watusaidie. Ukisikia matano umeyasikia yote.

Ya nne ndiyo iliyosomwa. Inauliza tukio moja la asubuhi moja. Haihitaji elimu wala msimamo, kwa sababu kila mtu anajua alitoka nyumbani saa ngapi. Haimpangii ajisikieje. Na hapo ndipo faida yake kubwa ilipojificha: mtu akishataja saa yake ya kutoka na saa yake ya kufika, anajikuta analazimika kueleza kilichotokea kati ya saa hizo. Hakuna aliyetuma saa tupu. Waliotuma walisimulia basi lililojaa, kondakta aliyepandisha nauli, njia ya mkato ya kupita pembeni ya mto, jirani mwenye gari aliyeanza kuwabeba watu watatu watatu. Maoni ambayo swali la kwanza lilitaka kuyaomba waziwazi yaliingia yenyewe, yakiwa yamefungwa kwenye tukio la kweli ambalo mtu anaweza kulisimamia.

Swali zuri pekee halikutosha. Mhariri alisisitiza vitu vitatu vya kulizunguka, na mwandishi alikuja kuviona vikifanya kazi kipindi baada ya kipindi.

Cha kwanza ni mahali pa kuliweka. Studio nyingi huweka mwaliko mwishoni tu, wakati msikilizaji ameshaanza kufikiria jambo jingine. Mhariri aliliweka swali mara mbili. Mwanzoni mwa kipindi mtangazaji alisema kwa kifupi: "Baadaye tutakuuliza ulifika kazini saa ngapi leo." Mwishoni akauliza kikamilifu. Kwa hiyo mtu alisikiliza ripoti nzima huku jibu lake likijitengeneza kichwani, na lilipofika swali alikuwa tayari. Pia alihakikisha sauti ya mwisho kusikika kabla ya swali inakuwa ya mtu wa kawaida anayeeleza jambo la aina ile ile inayoombwa. Kwenye kipindi kile ilikuwa ya mama wa vitenge, aliyesema aliamka saa ngapi, akapanda basi saa ngapi na akafungua kibanda saa ngapi. Hakuna aliyehitaji maelekezo zaidi ya jinsi ya kujibu. Ndiyo kazi ambayo nafasi zilizochapishwa kwenye kadi ya salamu zilikuwa zikiifanya.

Cha pili ni gharama. Mtu wa Buyenzi anayefanya kazi ya ufundi magari akiwa na mafuta mikononi hawezi kuandika aya mbili kwenye simu, lakini anaweza kushika kitufe na kusema. Ndiyo maana studio iliomba sauti. Ilitaja nusu dakika kwa sababu mbili: anayeona haya huona kwamba ni fupi na atamudu, na anayependa kuongea huambiwa mapema pa kuishia. Kwa asiye na intaneti kulikuwa na namba ya kubipu, naye alipigiwa baadaye kwa gharama ya studio. Lugha nayo ni gharama. Kipindi kilikuwa cha Kiswahili, lakini watu wa Kinama na Kamenge huchanganya na Kirundi bila kujua wanapovuka. Mtangazaji alisema waziwazi kuwa jibu la Kirundi linakaribishwa. Baada ya maneno hayo machache sauti za wanawake ziliongezeka. Kabla ya hapo waliojibu walikuwa wanaume kwa sehemu kubwa, kama ilivyo kawaida kwenye vipindi vingi vya kupiga simu.

Cha tatu ni ahadi, na hapa ndipo wengi huangukia. "Majibu tutayasikiliza pamoja kesho kutwa" ni deni. Siku hiyo ilipofika, kipindi kilianza na sauti za wasikilizaji kabla ya habari nyingine yoyote, kila moja ikitajwa kwa mtaa wake. Mtu akisikia sauti yake, au ya jirani ambaye anaitambua kwa kikohozi tu, anajua kwamba kuna anayepokea upande wa pili. Mwaliko unaofuata hauhitaji nguvu nyingi. Studio ikikaa kimya baada ya kuomba, mwaliko wa pili utapata nusu ya majibu na wa tatu utarudi kwenye maua na pongezi.

Hakuna aliyeitimiza ahadi ya namna hii kwa ukamilifu kama Shujaaz ya Kenya. Ilianza Februari 2010 kama kitabu cha katuni kwa Sheng, kikitolewa bure ndani ya gazeti, pamoja na kipindi cha redio. Mhusika wake mkuu ni Boyie, kijana aliyemaliza shule na kukosa kazi, anayeendesha redio ya siri chumbani kwake. Vijana walimwandikia Boyie kwa ujumbe wa simu na mitandaoni kama wanavyomwandikia rafiki, naye aliwajibu akibaki kuwa Boyie. Walichosema kilirudi ndani ya hadithi za matoleo yaliyofuata. Mwaka 2012 kazi hiyo ilishinda tuzo ya kimataifa ya Emmy. Mhariri wa Bujumbura hakupendezwa sana na tuzo hiyo. Kilichomvutia ni kwamba msomaji aliyeandika kuhusu kuku wake alikuwa na matumaini ya kweli ya kukutana na kuku katika katuni.

Je, studio itajuaje kuwa mwaliko umekosea, hata kama majibu ni mengi? Mhariri alikuwa na kipimo kimoja, na alikifanya mbele ya wote Jumatatu asubuhi. Alimpa mtu ambaye hakusikia kipindi, mara nyingi mlinzi wa getini, majibu kumi yaliyookotwa bila kuchagua, akamwomba akisie kipindi kilihusu nini. Kama alikisia, swali lilikuwa limefanya kazi. Kama alisema "wanawapongeza kwa jambo fulani", swali lilikuwa limeshindwa, hata majibu yangekuwa mia. Kipimo hicho kilifichua pia makosa ambayo hesabu haiyaonyeshi. Kipindi kimoja cha uvuvi kilileta majibu mengi kuliko kawaida, lakini mlinzi alisema kinahusu ajira. Alikuwa na sababu: mtangazaji aliuliza "unahitaji nini ili maisha yako ya uvuvi yaboreke?", na wasikilizaji wakadhani kuna mradi unaogawa nyavu. Walituma majina yao kamili, namba za simu na hata namba za vitambulisho. Swali la "unahitaji nini", likitoka kwenye kinywa cha redio katika nchi ambako miradi huja na kuondoka, husikika kama ahadi ya msaada. Studio ililazimika kuwapigia watu kuwaeleza, kisha swali likabadilishwa kuwa "jana usiku ulirudi na ndagala ndoo ngapi, na miezi kama hii mwaka jana ulikuwa ukirudi na ngapi?"

Makosa ya aina hiyo hurekebishika. Liko jambo jingine zito zaidi, nalo ni usalama wa anayejibu. Tarehe 13 na 14 Mei 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi, redio kadhaa binafsi za Bujumbura zilishambuliwa na kuharibiwa. Waandishi waliobaki mjini wakaanza kutuma habari kwa simu na mitandao, na ndipo ilipozaliwa SOS Médias Burundi. Tangu hapo mkazi wa Bujumbura anajua kwamba ujumbe wa sauti ni habari, na habari ina mwenyewe. Kumwomba mtu ajibu ni kumwomba aache alama yake. Ndiyo maana mwaliko wa studio ulisema jina si lazima, na ndiyo maana sauti zilizotaja jina la mtu mwingine, cheo chake au nyumba yake zilikatwa sehemu hiyo kabla ya kurushwa.

Anayefungua mlango hubeba pia wajibu wa kile kinachoingia. Aprili 2018 Baraza la Taifa la Mawasiliano la Burundi lilisimamisha kwa miezi mitatu sehemu ya maoni ya wasomaji ya Iwacu, gazeti lililoanzishwa mwaka 2008. Waandishi wa Iwacu waliendelea na kazi, waliofungiwa walikuwa wasomaji. Vyombo vingine mjini vilielewa kwamba maneno ya msomaji huhesabiwa kuwa ya mwenye chombo. Kwa studio ile, jibu halikuwa kuacha kuuliza. Ilihakikisha kila sauti inasikilizwa na watu wawili kabla ya kurushwa, na ikazidi kushikilia maswali yanayouliza kilichotokea. Mtu aliyeulizwa saa aliyofika kazini hutukana mara chache sana.

Kuna mpaka mwingine ambao mhariri aliulinda kwa ukali. Majibu yanayokuja kwa mwaliko si utafiti. Wanaojibu ni wenye simu, wenye chaji, wenye ujasiri na wenye muda, na aliyeumia zaidi huenda hana hata kimoja kati ya hivyo. Kijana alipoandika "wakazi wa Bujumbura wanatoka nyumbani alfajiri zaidi kuliko zamani", mhariri alifuta, akaandika "wasikilizaji waliotutumia sauti kutoka Kamenge na Musaga". Sentensi ikawa ndefu, na ikawa kweli. Kama kipindi kingetaka kusema lolote juu ya mji mzima, kingepaswa kwenda kuhesabu mabasi na abiria vituoni.

Faida kubwa ya majibu ilionekana kwenye jambo ambalo studio haikulitafuta. Katika sauti za kipindi cha usafiri, wanawake wa sokoni walirudia jambo lile lile: wao wenyewe walifika, mzigo haukufika. Mkaa, ndizi na mboga kutoka vilima vya kuzunguka mji huteremshwa kwa baiskeli, zikiwa zimefungwa magunia hadi mwendeshaji haonekani. Sasa baiskeli ziliishia mpakani mwa eneo lililozuiwa, mzigo ukashushwa, na mtu mwingine akalipwa kuubeba kichwani au kwa toroli kwa kipande kilichobaki. Gharama hiyo ilipanda juu ya bei ya fungu la mboga. Ripoti ya kwanza haikuwa na hata sentensi moja juu ya hilo, kwa sababu aliyeiandaa alisimama kituo cha basi, na baiskeli hazipiti hapo.

Mwandishi alipewa jukumu la kuandika mwaliko wa kipindi kilichofuata. Aliandika ukurasa, akakata, akabaki na maneno machache. Mhariri aliongeza neno moja alilolisahau, akarudisha karatasi. Jioni ile mtangazaji alisoma: "Wewe unayeshusha mkaa, ndizi au mboga mjini kwa baiskeli: leo baiskeli yako imeishia wapi, na umemlipa nani kiasi gani ili mzigo ufike sokoni? Na wewe mama unayeupokea, jana fungu uliliuza bei gani, na leo? Kirundi sawa, Kiswahili sawa, nusu dakika inatosha. Bipu tutakupigia. Ijumaa tunawasikiliza."